Mfadhili Haombwi kwa Machozi

Ninyi vijana mnaosomeshwa kwa fedha za mfadhili, likitokea la kutokea mkarudia kozi, msianze barua ya kuomba muhula wa ziada kwa kulia. Zipo barua zinazojaa ugonjwa wa mama na ugumu wa maisha ya hosteli, lakini kiasi cha fedha hakitajwi popote. Msomaji hana shaka kwamba mama anaumwa. Shaka yake ni nyingine: mbona kozi moja inadai muhula mzima, na nani atamhakikishia kwamba hautadaiwa mwingine?

Hilo ndilo la kujibiwa. Tuseme mwombaji anasoma uhandisi wa ujenzi, shahada ya miaka 4. Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, alikamatwa kwenye kozi ya uimara wa vifaa, na sapu nayo ikamshinda. Kozi ile hufundishwa mara moja kwa mwaka, hivyo akairudia mwaka wa tatu na kuifaulu. Lakini bila kuifaulu hakuruhusiwa kusoma uchambuzi wa miundo, nao ukasogea hadi mwaka wa nne. Usanifu wa zege, unaotegemea uchambuzi huo, ukaangukia muhula wa 9. Ayaandike hayo kwa mfuatano, muhula baada ya muhula, aambatishe matokeo na barua ya mkuu wa idara. Mfadhili ataona mwenyewe kwamba mnyororo unaishia hapo.

Sababu ya kufeli isemwe kwa ukweli, ila sentensi mbili zinatosha: kilichotokea, na kilichobadilika. Alama aliyoipata aliporudia ina uzito kuliko kiapo.

Mpango wa masomo nao usiwe mapambo. "Nitasoma kwa bidii" si mpango. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, vipindi na kujisomea vikiwamo. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Zikigawanywa kwa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki. Mpango uonyeshe saa hizo ziko siku zipi: ngapi za darasani, ngapi za kukokotoa maswali ya mitihani iliyopita, ngapi za kumwona mwalimu. Useme pia kwamba mfadhili atapelekewa alama za jaribio la kwanza, wakati bado kuna la kuokoa.

Katika fedha, ombeni kinachodaiwa tu. Kama chuo hutoza ada kwa kozi, leteni hesabu hiyo kutoka kwa mhasibu. Fedha za mafunzo kwa vitendo mlishalipwa. Msizirudishe kwenye orodha (wafadhili hutunza mafaili).

Na barua iende mapema, punde kozi inaporudiwa, si wiki za mwisho za mwaka wa nne bajeti ikiwa imeshafungwa. Mfadhili akikataa posho, ombeni ada peke yake, maana mwenye kozi moja ana siku za kutosha za kufanya kibarua.