Fungu la Nne Lisifutwe

Ripoti nyingi za miradi ya wanafunzi nilizozisoma hapa Kericho na Bomet hutoa jibu moja lililonyooka, kana kwamba mizani haikosei kamwe. Sivyo ipasavyo.

Mchukue mwanafunzi anayepima kiasi cha maji katika majani mabichi ya chai. Mizani yake husoma gramu nzima tu, hivyo yaweza kukosea nusu gramu. Akikausha gramu 10, kosa hilo hulisogeza jibu kwa takriban asilimia 5. Akikausha gramu 100, kwa nusu asilimia tu.

Tuseme amekausha mafungu manne ya gramu 100, hata uzito usipungue tena, yakabaki gramu 22, 23, 24 na 17. Matatu ya kwanza yampa maji asilimia 77, pengine 1 zaidi au pungufu. La nne lampa 83. Wengi hulifuta, mimi nasema liandikwe. Ikiwa daftari laonyesha kuwa lilichumwa lingali na umande, aeleze hivyo, kisha arudie kwa majani yaliyopanguswa. Daftari likiwa kimya, asibuni sababu. Akiri kwamba haijui.

Nasi walimu tusimpunguzie alama kwa kulipata fungu hilo, bali kwa kulificha.