Kijana wa Bigwa Aomba Mashine ya Gemu

Kijana mmoja wa Bigwa, hapa chini ya milima ya Uluguru, alikuja ofisini na barua aliyowaandikia wazazi wake. Umri wake ni miaka 15. Alitaka niitazame kabla hajaipeleka nyumbani. Nimepata ruhusa yake na ya wazazi wake kuieleza hapa, bila majina.

Aliomba kununua PS4, ile mashine ya gemu iliyotoka mwaka 2013, iliyokwisha tumika, pamoja na pedi mbili na diski moja ya mpira. Muuzaji mjini alitaka shilingi 480,000. Kijana alikuwa na 90,000, ujira wa kubeba ndizi za bibi yake kule Kinole wakati wa likizo. Zilibaki 390,000, nazo alisema zitatoka kwa kuku wake.

“Mama mpenzi,” aliandika, “kuku wangu ni 8. Kila mmoja akitaga mayai 3 kwa juma, nitapata mayai 24. Kwa shilingi 500 kila yai, ni 12,000. Basi katika majuma 33 nitakuwa nimemaliza.”

Hesabu ilikuwa safi, lakini kuku hawaijui. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 12 au 15 hivi, kisha huatamia siku 21, halafu hulea vifaranga. Kwa mwaka mzima ukipata mayai 50 kwa kila mmoja, shukuru. Nikamwambia azidishe upya: kuku 8 ni mayai 400, yaani shilingi 200,000 kwa mwaka. Toa 50,000 za pumba na chanjo ya mdondo, zabaki 150,000. Kijana akanyamaza kwa muda.

Nikamwuliza, “Na kule kwenye kibanda cha gemu, wewe huendi?” Akainamisha kichwa. Kumbe kila juma alikuwa akiacha 3,000 huko, fedha aliyopewa ya kula shuleni. Wazazi hawakujua. Nikamwonyesha kwamba 3,000 kwa majuma 52 ni 156,000, kupita faida ya kuku wote. Fedha iliyo hakika kuliko zote katika mpango wake ilikuwa ile aliyokuwa akiificha. Na bila kukiri hawezi kuiandika. Alikwenda nyumbani, akarudi siku ya tatu na barua mpya. Ameikiri mwanzoni kabisa, kabla ya kuomba lolote, na akaomba aruhusiwe kuiweka badala ya kuichezea. Kuku na kibanda pamoja ni 306,000 kwa mwaka, au 25,500 kwa mwezi. Majuma 33 yakageuka miezi 16.

Katika barua ya kwanza alitaka pia alipwe kwa kuosha vyombo na kuteka maji. Sehemu hiyo nilimshauri aifute, kwa maana dada yake mdogo hufanya kazi zile zile bure. Katika barua mpya kazi hizo ni ahadi tu: mashine haiwashwi mpaka mapipa yajae na banda la kuku lisafishwe, na mwenye kukagua ni Mama.

Bajeti ya gemu niliipenda. Atanunua diski, si gemu za kupakua, kwa sababu diski ukiichoka waweza kuibadilisha dukani kwa kuongeza kidogo. Ya kupakua huwezi kumwuzia mtu. Ameweka 10,000 kila miezi miwili kwa kubadilisha, wala hatatumia mtandao, maana marekebisho ya gemu moja tu yaweza kumaliza bando la nyumba nzima.

Tena amesoma mita ya LUKU. Mashine na televisheni kwa saa 6 za mwisho wa juma hula uniti 5 hivi kwa mwezi. Nyumba yao hutumia 58, basi zitakuwa 63, chini ya zile 75 za bei nafuu. Akizidisha saa mara nne, watapita mpaka huo.

Mwisho amemwomba Baba waende pamoja dukani siku ya kununua, waiwashe nusu saa huku diski inazunguka. Feni ikinguruma sana au mashine ikajizima yenyewe, warudi na fedha yao.

Mama alisoma ule mstari wa kibanda mara mbili, akaenda jikoni bila neno. Baba alijibu nyuma ya karatasi ile ile: “Tumekubali. Fedha atashika mama yako. Saa mbili usiku televisheni ni ya taarifa ya habari.” Miezi miwili imepita. Juzi nilimwuliza akiba imefika wapi, akasema 141,000, na kwamba kuku watatu wameanza kuatamia.