Shilingi moja ya chenji iko wapi?

Abiria wa basi la Lamu akishuka kula Garsen hana muda wa kungoja chenji. Hoteli ikiandika wali samaki 199 na droo haina sarafu ya shilingi moja, bei ni 200 tu. Anayelipa kwa M-Pesa atakatwa 199 kamili. Kwa wa pesa taslimu, hoteli iandike 190 na iweke sarafu za kumi.

Kuna na bei ya chambo kwenye sahani ya kambare: nusu 150, wastani 240, kamili 250. Wastani imewekwa ili kamili ionekane nafuu, sina neno. Lakini iwepo jikoni, na kipande cha kambare kiizidi nusu kweli. Kila anayeiagiza akiambiwa "imeisha", huo ni ulaghai.