Swali Moja, Mambo Mawili

Dodoso linauliza: "Je, umeridhika na upatikanaji na ubora wa maji?" Mama ambaye bomba lake hutoa maji safi, lakini mara moja tu kwa juma, ajibu nini? Akisema "hapana", mhandisi hajui kama aongeze siku za mgawo au dawa ya kusafishia maji. Na bado mtafiti huthubutu kuiita hesabu hiyo sauti ya wananchi!

Wanaodai kwamba kutenganisha kutarefusha dodoso hawana hoja. Utangulizi wa swali na kipimo cha majibu husomwa mara moja: "Umeridhika kiasi gani na (a) upatikanaji wa maji, (b) ubora wake?" Kinachoongezeka ni jibu moja fupi. Na kipengele kisichotegemewa na uamuzi wowote kifutwe.