Mkurugenzi Hapimwi kwa Miaka ya Utumishi

Katika lugha yetu ya kiutawala, neno "mkurugenzi" hubeba vyeo vitatu kwa pamoja. Mjumbe wa bodi ya wakurugenzi huitwa hivyo, mtendaji mkuu wa shirika huitwa hivyo, na mkuu wa kurugenzi moja ndani ya wizara naye huitwa hivyo. Kwa sababu hiyo, anayesoma wasifu wa mwombaji sharti kwanza alisome tangazo la kazi na kuuliza: mtu huyu atawajibika kwa nani, na ataamua nini bila kuomba ruhusa? Jibu lisipopatikana, kamati huangukia vigezo rahisi, yaani shahada na miaka ya utumishi. Hapo ndipo tunapopata watendaji wakuu ambao ni mameneja wazuri waliopandishwa kiti tu.

Nitumie mfano ninaowapa wanafunzi wangu. Mamlaka ya maji ya mji fulani inatafuta mtendaji mkuu. Tangazo linataka mambo matatu: kusimamia mpango mkakati wa miaka 5, kufanya kazi na bodi, na kupunguza upotevu wa maji. Mwombaji mmoja amekuwa meneja wa biashara kwa miaka 8. Wasifu wake unasema: "Nilishiriki kuandaa mpango mkakati. Niliwasilisha taarifa kwa bodi. Niliongeza makusanyo kutoka shilingi milioni 900 hadi bilioni 1.2 kwa mwezi."

Tuanze na mkakati. Kitenzi "nilishiriki" hakitoshi, kwa kuwa hata aliyechapa rasimu alishiriki. Mkakati ni uchaguzi, na kila uchaguzi huacha kitu. Wasifu wenye uzito ungesema, kwa mfano, kwamba mwombaji alipendekeza fedha zihamishwe kutoka kulaza mabomba mapya kwenda kubadilisha mita mbovu, akaeleza kwa nini kata fulani zisubiri, kisha akaonyesha kilichotokea. Pasipo kitu kilichoachwa, tunasoma orodha ya shughuli.

Pili, bodi. Kuna umbali mkubwa kati ya kumwandalia bosi takwimu, kuitwa ujibu swali moja, na kutetea waraka wa uamuzi mbele ya wajumbe wanaoweza kuukataa. Mwombaji aeleze alifika mbele ya kamati ipi, mara ngapi, kwa pendekezo gani, na bodi iliazimia nini. Ikiwa bodi hukutana kila baada ya miezi mitatu, miaka 4 ni vikao 16 vya kawaida. Aliyehudhuria viwili hawezi kuandika sawa na aliyehudhuria vyote.

Tatu, matokeo ya shirika zima. Ongezeko la milioni 300 ni theluthi moja, nalo linavutia. Lakini tuseme katika kipindi hichohicho bei ya maji, ambayo Tanzania huidhinishwa na EWURA, ilipanda kwa asilimia 25. Bei peke yake ingeyafikisha makusanyo milioni 1,125. Kilichobaki ni milioni 75, takribani asilimia 7, na hata hicho chaweza kuwa madeni ya zamani yaliyolipwa. Sisemi mwombaji amedanganya. Nasema ametupa tarakimu ya idara, ilhali tangazo linauliza habari za shirika: je, maji yanayozalishwa bila kulipiwa yalipungua? Je, gharama za umeme wa pampu zililipwa kwa wakati? Idara ya biashara yaweza kung'ara huku shirika likizama.

Hata hivyo, kigezo cha bodi kina hatari yake. Katika mashirika mengi mlango wa bodi hufunguliwa na bosi, na wasiopendwa hawauoni kamwe. Kamati ya haki hutafuta uzoefu unaolingana nao. Mkuu wa idara katika halmashauri aliyehojiwa na kamati ya fedha na baraza la madiwani amekutana na wasimamizi wakali pengine kuliko bodi yoyote. Aliyetoa hesabu mbele ya mkutano mkuu wa chama cha ushirika naye anajua maana ya kuwajibika kwa watu asiowachagua. Wasifu wa watu hawa usitupwe kwa sababu tu neno "bodi" halimo.

Wasifu hauthibitishi kitu; hutupa madai ya kwenda kuyahoji kwenye usaili na kwa waliofanya kazi na mwombaji. Ndiyo maana nashikilia kwamba vigezo hivi vitatu, na alama za kila kimoja, viandikwe kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa, na viwe wazi kwa waombaji wote. Alama zinazopangwa baada ya majina kujulikana humtafutia mtu kazi. Hazitafutii kazi mtu. Na gharama ya kosa hilo hailipwi na kamati, bali na mama anayefungua bomba alfajiri na kukuta hewa.