Banki isiongee kama mutapeli: maneno chini ya picha ni ahadi

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati waasi wa M23 waliingia Goma, mabanki ya muji yalifunga milango. Bukavu ilifuata mwezi wa pili. Mutu aliyekuwa na swali juu ya feza yake alizoea kuingia, kupanga mustari na kuuliza mutumishi wa gishe. Gishe ikifungwa, kinachobaki ni simu: picha kwenye Facebook au WhatsApp, na maneno machache chini yake. Kwa familia iliyokimbia vita, maneno yale ndiyo gishe.

Ndiyo maana naandika juu ya namna banki, kampuni za mikopo midogo na kampuni za asiransi zinachagua sauti ya maneno hayo. Nyingi zinachagua sauti ya furaha na haraka: « Hongera! Mukopo wako unakungoja. Dakika 5 tu. Usikose nafasi hii! » Chini kabisa, kwa herufi ndogo: « Masharti yanahusika. »

Sasa fungua tena WhatsApp yako, utafute ujumbe wa matapeli. « Hongera, umechaguliwa kupata musaada wa wakimbizi. Jaza haraka, nafasi zimebaki chache. » Ni sauti ile ile: hongera, haraka, usikose. Mama aliye katika familia ya kumupokea hawezi kutofautisha, na hilo si kosa lake. Banki yenyewe imemufundisha kwamba feza ya kweli inatangazwa kwa kelele. Siku mutapeli atakuja na nembo ya banki iliyokopiwa, atakuta njia imekwisha kulimwa.

Musimamo wangu ni huu: banki iandike kama mutu atakayeulizwa kesho juu ya neno lake. Mutapeli anaweza kuiga furaha na haraka, lakini ni vigumu kwake kuiga bei iliyo wazi, tarehe, na mahali pa kulalamikia.

Tuchukue mufano wa mukopo, na hesabu yake. Picha inaonyesha mama muchuuzi akicheka, chini imeandikwa: « Mukopo wa dola 120 kwa 5% tu! » Musomaji anapiga hesabu: 5% ya 120 ni dola 6, basi nitarudisha 126. Lakini katika mukataba, ile 5% ni ya kila mwezi, inahesabiwa juu ya mukopo wote, kwa miezi 6. Dola 6 mara 6 ni 36. Tena, kabla ya kumupa feza, wanakata dola 4 za dosie na kushika dola 12 kama akiba ya lazima, ambayo atarudishiwa akimaliza kulipa. Mukononi anapokea dola 104. Atalipa 26 kila mwezi, jumla 156.

Hakuna neno la uongo katika tangazo lile. Lakini neno « tu » limefanya kazi ya uongo, na neno « kwa mwezi » limeachwa inje. Mama atagundua mwezi wa pili, wakati ameisha kununua bidhaa. Hapo hatasema « sikusoma mukataba ». Atasema « banki imeniiba », na ataambia jirani zake wote.

Mimi ningeandika hivi:

« Mukopo wa dola 120 kwa miezi 6. Utapokea mukononi dola 104: tunakata 4 za dosie, na 12 ni akiba utakayorudishiwa ukimaliza kulipa. Utalipa dola 26 kila mwezi, jumla 156. Ukichelewa, kuna malipo ya nyongeza. Uliza kiasi chake kabla ya kusaini. Bei hii inadumu mpaka tarehe 30 ya mwezi huu. Hatuombi kamwe namba yako ya siri. »

Watu wa matangazo watasema ni marefu, hakuna atakayesoma. Najibu kwamba mutu anayetafuta dola 120 ili arudishe meza yake sokoni atasoma kila neno. Anayekimbia akiona bei, afazali akimbie leo kuliko kushindwa kulipa baadaye.

Kuna pia sababu ya kazi yenyewe. Facebook inakata maandishi marefu, na mengine yanabaki nyuma ya « angalia zaidi »; basi kiasi cha kupokea na cha kulipa vikae mustari wa kwanza, si wa mwisho. Bei isiandikwe ndani ya picha peke yake, kwa sababu simu yenye mega chache haifungui picha. Na tarehe iandikwe ndani ya maneno yenyewe, na jina la mwezi, kwa kuwa watu wanapiga picha ya kioo na kuituma katika makundi. Miezi 3 baadaye tangazo lile bado linazunguka kambini bila siku yake, na mutu anaenda kudai bei ambayo haipo tena.

Angalieni pia lugha. Mara nyingi utamu unaandikwa kwa Kiswahili na bei kwa Kifaransa. Kama banki inaweza kusema « ndoto yako » kwa Kiswahili, iseme vilevile « utalipa 156 » kwa Kiswahili.

Upande wa asiransi, hatari ni kubwa zaidi. Zamani SONAS ndiyo ilikuwa peke yake katika kazi hiyo. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua soko, na leo kampuni zinashindania muteja chini ya usimamizi wa ARCA. Katika mashindano hayo neno linalopendwa ni « tunakulinda juu ya yote ». Lakini mikataba mingi ya kawaida ya asiransi ya moto inaacha inje hasara inayoletwa na vita. Duka likiungua kwa waya ya umeme, wanaweza kulipa. Likiungua kwa bomu, hapana, isipokuwa mukataba umesema wazi kwamba unafunika vita. Hapa kwetu, kuandika « yote » bila kutaja vita ni kumuuzia mutu mwavuli wenye tundu pale mvua inaponyesha. Kama vita haimo, mustari wa pili useme: « Haifuniki hasara ya vita wala uporaji wakati wa vita. » Na kampuni isitumie siku ya mazishi ya muji kuuliza kwa kutisha: « Na wewe, umejilinda? » Mutu mwenye hofu anasaini bila kusoma, kisha anakuja kudai kitu ambacho hakukinunua.

Wakubwa wa banki wanafikiri kwamba « Masharti yanahusika » inawalinda mbele ya Banki Kuu. Labda inawalinda mbele ya karatasi. Mbele ya watu haiwalindi, maana sharti linalobadilisha bei si la kufichwa. Ni sehemu ya bei.

Nanyi wasomaji na wasikilizaji, kabla ya kutuma tangazo kwa ndugu, tafuteni ndani yake vitu vine: kiasi utakachopokea mukononi, jumla utakayolipa, kile ambacho hakifunikwi, na tarehe ya mwisho. Kimoja kikikosekana, ulizeni kwa namba ya banki munayoijua kutoka karatasi zenu za zamani, si kwa namba iliyo ndani ya tangazo. Wakikataa kuandika jibu, musisaini.