Usichome Nyumba kwa Sababu ya Panya Mmoja

Bosi,

Meseji yako ya saa tano usiku tumeisoma. Unataka tubadilishe jina, rangi, nembo na maneno ya pakiti ya mala, yote kufikia Ijumaa, kwa sababu mteja mmoja ameandika kwamba rangi inakaa ya sabuni, jina ni la kishamba na tarehe ya kuisha haisomeki. Nimeambiwa nikujibu kwa niaba ya ofisi. Jibu ni hapana.

Anayenunua mala kwa kioski hasomi pakiti. Anasimama nje ya wavu, anaona bluu na kibuyu cheupe, ananyoosha kidole: "Nipe hiyo." Hicho kidole ndicho ulichotulipa tukijenge, na kimechukua miaka mitatu. Ukibadilisha kila kitu Ijumaa, Jumamosi kidole hakitajua pa kwenda.

Waulize Tropicana wa Marekani. Januari 2009 waliondoa chungwa lenye mrija kwenye katoni zao, wakaweka picha ya glasi ya juisi. Juisi ilikuwa ile ile. Kwa muda usiofika miezi miwili mauzo yalishuka kama asilimia 20, wakarudisha chungwa lao. Wao walikuwa na pesa ya kurudi nyuma. Wewe unayo? Kila rangi kwenye pakiti yako ina silinda yake ya kuchapishia, na jina jipya litaanza safari upya KIPI: litafutwe, liombewe, kisha litangazwe siku 60 kungoja wenye pingamizi. Mimi niliacha chuo, lakini hesabu hiyo naiweza.

Sasa turudi kwa huyo mteja, maana hatukuambii umpuuze. Amesema mambo matatu. Rangi na jina ni ladha yake, na ladha haina fundi. Lakini tarehe ni kweli haisomeki: mashine ya kiwandani inaipiga kwa wino mweusi juu ya bluu, badala ya ile nafasi nyeupe tuliyoiacha. Mwambie fundi wako aisogeze. Halafu mjibu mteja, umshukuru.

Kama rangi bado inakunyima usingizi, tuipime. Twende vioski vitano, pakiti yako ipangwe katikati ya zingine, mnunuzi asimame hatua mbili nyuma, tumwambie aonyeshe mala yako. Usimuulize kama anaipenda. Mtu akiulizwa hivyo hutafuta kasoro hata pasipo na kasoro. Wengi wakionyesha pakiti ya jirani, au wakikawia, basi rangi ina shida na nitakuwa wa kwanza kuibadilisha. Wakiionyesha mara moja, iache.

Mtu mmoja aliyekasirika ameandika. Waliorudi kununua leo asubuhi hawakuandika chochote, walilipa tu. Hao pia ni maoni, Bosi, na unayo kwenye kitabu chako cha mauzo. Kifungue kabla hujatutumia meseji nyingine usiku.